Mwongozo Kamili: Kikao cha Bajeti cha Kila Mwezi kwa Mume na Mke Bila Kulaumiana

Wanandoa wengi wanaojaribu kikao cha bajeti hukwama mahali pamoja. Wanakaa vizuri, wanataja mapato, wanapitia kodi na ada kwa utulivu. Kisha wanafika kwenye fungu lililovuka kiwango, na mmoja anauliza, "Hizi zimekwenda wapi?" Kuanzia hapo hakuna tena bajeti. Kuna mshtaki na mshtakiwa, na mwezi unaofuata hakuna anayetaka kukaa tena.

Mwongozo huu unashughulikia hasa mahali hapo: pengo kati ya mlichopanga na kilichotumika. Mkijua namna ya kulisoma pengo, sehemu nyingine za kikao si ngumu. Utaona kwamba nyingi kati ya pesa zinazowagombanisha hazikupotezwa na mtu. Zilikuwa zimepangwa vibaya tangu mwanzo.

## Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Kumbukumbu za malipo za mwezi uliopita kwa wote wawili: meseji za malipo ya simu, taarifa ya benki, risiti na vikaratasi vya madeni madogo.
- Matumizi ya miezi mitatu iliyopita kwa mafungu yanayobadilikabadilika, kama chakula na usafiri. Kama hamna, anzeni kuyaandika mwezi huu na mtumie mlichonacho.
- Daftari moja la nyumba. Lisiwe la mume wala la mke, na likae mahali ambapo kila mmoja analifikia bila kuomba.
- Kikokotoo na kalenda ya mwaka mzima.
- Dakika 45 zisizo na watoto, wageni wala simu.

Kama mnapenda kuandika kwenye simu au kompyuta, fanyeni hivyo, ila hakikisheni kwamba wote wawili mnaweza kulifungua jedwali wakati wowote. Karatasi inayoshikwa na mmoja peke yake tayari imemfanya mwenzake kuwa mkaguliwa.

## Hatua ya 1: Chagueni siku, na muiache palepale

Siku nzuri ni ile inayofuata kuingia kwa mapato makubwa ya nyumba, au inayofuata hiyo. Wakati huo pesa bado zipo, kwa hiyo uamuzi mtakaoufanya unaweza kutekelezwa. Mkikaa siku za mwisho wa mwezi, mnazungumzia kitu ambacho hakipo, na mazungumzo ya pesa zilizokwisha huishia kwenye kutafuta aliyezimaliza.

Epukeni usiku wa manane, njaa, na dakika za kabla ya kutoka nyumbani. Epukeni pia kukaa siku ileile mliyogundua tatizo. Ukiona meseji ya malipo iliyokushtua, iandike, kisha ingoje siku ya kikao isipokuwa kama ni jambo la dharura. Kikao kilichoitwa kwa sababu ya kosa fulani huitwa kikao, lakini aliyeitwa anajua ni kesi.

Wekeni kikomo cha dakika 45. Kisipotosha, yaliyobaki yaandikwe kwa ajili ya siku nyingine. Mtu anayejua mwisho upo karibu huvumilia mengi zaidi kuliko anayeona usiku mzima mbele yake.

## Hatua ya 2: Hesabuni kabla ya kikao, siyo ndani ya kikao

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kurukwa kwake kunaleta sehemu kubwa ya ugomvi.

Siku moja au mbili kabla, mmoja wenu anajumlisha matumizi ya mwezi kwa mafungu. Anaandika safu mbili tu: tulichopanga na kilichotumika. Mwezi unaofuata anafanya mwingine. Zamu hii ni muhimu hata kama mmoja ni hodari wa hesabu kuliko mwenzake, maana anayehesabu kila mwezi hugeuka mkaguzi bila kukusudia, na asiyehesabu kamwe huishi akidhani pesa zina miujiza.

Anayehesabu afuate masharti mawili. Kwanza, aandike jumla ya fungu bila jina la mtu. Andika "Chakula: 255", usiandike "Chakula alichonunua mke". Pili, asitie rangi nyekundu, alama za mshangao wala maoni pembeni.

Karatasi ikiisha kuandikwa, iwekwe wazi ili mwenzake aisome peke yake kabla ya kikao. Mtu anayekutana na namba mbaya kwa mara ya kwanza huku mwenzake akimwangalia usoni hujitetea kabla ya kufikiri. Akiiona jana yake, mshtuko umepita. Anaingia kikaoni akiwa tayari anakumbuka kilichotokea.

Dalili kwamba mmefaulu: hakuna namba hata moja kwenye kikao ambayo ni mpya kwa mmoja wenu.

## Hatua ya 3: Fungueni kwa namba zisizobishaniwa

Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman amechunguza kwa miaka mingi jinsi wanandoa wanavyogombana. Mwaka 1999, yeye na Sybil Carrère walichapisha utafiti kuhusu wanandoa wapya uliotazama dakika 3 za mwanzo za mabishano yao, na wakaonyesha kwamba dakika hizo peke yake zilisaidia kubashiri nani wangeachana baadaye. Namna mnavyoanza si jambo dogo.

Kwa hiyo anzeni na mambo yasiyohitaji hukumu: mwezi huu kimeingia kiasi gani kwa jumla, malipo gani ya lazima yamelipwa, na kuna nini kwenye akiba. Mmoja anasoma, mwingine anafuatilia kwa kidole kwenye daftari. Dakika tano zinatosha.

Kisha kila mmoja ataje jambo moja ambalo mwenzake alifanya na likasaidia mfuko wa nyumba. Liwe la kweli na liwe mahususi. "Ulilipa umeme mapema, hatukukatiwa" linafaa. "Unajitahidi" halifai, kwa sababu msikilizaji anasubiri neno "lakini" lifuate.

## Hatua ya 4: Wekeni kila pengo alama kabla ya kulizungumza

Hapa ndipo moyo wa kikao ulipo, kwa hiyo twende taratibu na mfano.

Chukua familia ya mume na mke wenye watoto, wote wawili wana kipato. Tuseme mapato yao ya mwezi ni 1,000 kwa jumla; wewe weka kiasi chako. Walipanga hivi:

- Kodi ya nyumba: 250
- Chakula: 220
- Ada na mahitaji ya watoto: 120
- Usafiri: 90
- Mkopo: 80
- Umeme, maji na simu: 70
- Akiba: 70
- Pesa za mkononi, 30 kwa kila mmoja: 60
- Mengineyo: 40

Mwezi ulipoisha, mambo matatu hayakwenda kama yalivyopangwa. Chakula kilitumia 255, yaani 35 zaidi. Gari liliharibika na kula 48 ambazo hazikuwa na fungu. Fungu la mengineyo lilifika 75, kwa sababu mume alimtumia ndugu yake 35 bila kumwambia mke. Jumla ya ziada ni 118. Ile 70 ya akiba haikuwekwa, ikaenda kuziba pengo, na 48 zilizobaki zikachotwa kwenye akiba ya zamani.

Bila utaratibu, kikao chao kingekwenda hivi: mume anasema mke hajui kupanga jikoni, mke anasema ndugu wa mume wanakula akiba ya watoto, na habari ya gari inatumiwa na yeyote aliyeishiwa hoja. Kila mmoja ana namba ya kumpigia mwenzake.

Badala yake, kabla ya mtu yeyote kueleza chochote, wote wawili wanaweka alama moja kati ya tatu mbele ya kila pengo.

Alama K, yaani kadirio. Pengo la namna hii limetokea kwa sababu kiwango kilichopangwa hakikuwa cha kweli. Namna ya kulitambua ni kuangalia miezi mitatu iliyopita. Familia yetu inafungua daftari na kukuta chakula kilitumia 248, kisha 251, kisha 255. Hakuna mwezi hata mmoja uliokaribia 220. Mtu hakuvuka kiwango. Kiwango kilikuwa ndoto. Mara nyingi namba kama hii iliandikwa siku ambayo wanandoa walikuwa na ari kubwa ya kubana matumizi, na tangu hapo anayeshughulikia chakula anaonekana mkosaji kila mwezi kwa kushindwa jambo lisilowezekana.

Alama W, yaani wakati. Hii ni gharama inayojulikana kwamba itakuja, ila haiji kila mwezi: matengenezo, sare za shule, bima, kodi za mwaka, sherehe za familia, dawa za ghafla. Swali la kuitambua ni hili: "Je, ndani ya miezi 12 iliyopita tuliwahi kulipia kitu cha namna hii?" Jibu likiwa ndiyo, si dharura. Ni gharama ya mwaka iliyokosa fungu la mwezi. Gari la familia hii lilikula 240 mwaka mzima uliopita, kwa vipande vipande. Lile tukio la 48 ni kipande kimojawapo.

Alama U, yaani uamuzi. Hapa kuna mtu aliyechagua kutumia nje ya makubaliano huku akijua. Ile 35 iliyotumwa kwa ndugu ni U. Alama hii haina maana kwamba uamuzi ulikuwa mbaya. Inawezekana ulikuwa wa lazima. Ina maana tu kwamba ni pengo pekee linalohitaji watu wawili kuzungumza wao kwa wao. K na W zinahitaji kikokotoo.

Tazama namba sasa. Kati ya 118 zilizozidi, 35 ni K, 48 ni W, na 35 ni U. Pesa 83, zaidi ya theluthi mbili, hazina wa kulaumiwa. Wakati mwingine K na W huchukua karibu pengo lote, na wenye nyumba walikuwa wakigombana kwa miaka kuhusu tabia za mtu huku kasoro ikiwa kwenye karatasi.

Onyo: msibishane kuhusu alama. Mkitofautiana, mmoja anasema K na mwingine anasema U, andikeni K kwa mwezi huu na mrekebishe kiwango kiwe cha kweli. Kama mwezi ujao fungu lilelile limevuka tena kiwango kilichorekebishwa, basi jibu limepatikana bila mtu kulazimika kulitamka kwa hasira.

Onyo la pili: alama ya U isigeuzwe kuwa jina la mtu. "Hii ni U" inazungumzia malipo. "Wewe ni wa U kila siku" ni lawama iliyovaa nguo za bajeti.

## Hatua ya 5: Zungumzeni U kwa mpangilio maalumu

Sasa mna jambo moja au mawili tu ya kuzungumza, siyo orodha nzima. Fuateni mpangilio huu.

Aliyefanya uamuzi aanze kusema, bila kuulizwa. Aeleze kilichotokea kwa mpangilio wa matukio: "Ndugu yangu alinipigia tarehe 12, alikuwa amekwama hospitalini. Nilituma 35. Sikukwambia kwa sababu nilijua tumebanwa, nikaona aibu." Anayeanza mwenyewe anabaki na heshima yake. Anayevutwa ulimi hujitetea.

Mwenzake aulize swali moja la kuelewa. Lianze na "nini" au "lini", lisianze na "kwa nini". Swali la "kwa nini hukuniambia?" linasikika kama hukumu hata likisemwa kwa sauti ya chini, maana jibu lolote litakuwa utetezi. "Ni nini kilikuzuia kuniambia siku ile?" linauliza jambo lilelile lakini linaacha mlango wazi.

Kisha mwenzake aseme athari kwake, kwa nafsi ya kwanza. "Nilipoona akiba haijawekwa niliogopa, kwa sababu ada inakaribia." Sentensi hii haimwelezi mume ni mtu wa namna gani. Inamweleza mke alipatwa na nini. Hakuna anayeweza kuibishia.

Maneno manne yaondoke mezani: "kila siku", "kamwe", "ndugu zako" (au "kwenu"), na "pesa zangu". Mawili ya kwanza ni ya uongo karibu kila yanapotumika, na msikilizaji ataacha hoja ili atafute mfano wa kuyakanusha. La tatu linawaingiza watu wasiokuwepo. La nne linavunja mfuko mmoja kuwa miwili katikati ya mazungumzo.

Yale ya miezi iliyokwisha kujadiliwa pia hayarudi. Kama mwezi fulani ulifungwa, umefungwa. Ukiona huwezi kuliacha jambo la zamani, liombee kikao chake lenyewe, siku nyingine, nje ya bajeti.

### Sauti zikipanda

Gottman na wenzake walipima mapigo ya moyo ya wanandoa wakiwa kwenye mabishano. Moyo unapopita kama mapigo 100 kwa dakika, mtu anakuwa amelemewa: masikio yapo, lakini hapokei tena hoja. Ushauri wao ni kusimama kwa dakika zisizopungua 20, kwa kuwa mwili hauwezi kutulia kwa dakika mbili.

Kubalianeni mapema neno la kusimamisha kikao, kwa mfano "tupumue". Anayelisema ndiye anayetaja saa ya kurudi: "Tupumue, turudi saa mbili na nusu." Hili la saa lisiachwe. Kuondoka bila kutaja saa ya kurudi kunaonekana kama kukimbia au kumwadhibu mwenzako kwa ukimya, na hasira inapanda badala ya kushuka.

Katika dakika hizo usipange hoja kichwani. Tembea, oga, kunja nguo. Anayetumia mapumziko kuandaa jibu hurudi akiwa na moyo uleule.

Dalili kwamba mmefaulu: kila mmoja anaweza kueleza sababu ya mwenzake, na mwenzake akasema, "Ndiyo, ndivyo ilivyokuwa." Si lazima mkubaliane kwamba uamuzi ulikuwa sahihi.

## Hatua ya 6: Rekebisheni namba za mwezi ujao

Kila alama ina tiba yake.

K inatibiwa kwa kubadili kiwango. Chukua wastani wa miezi mitatu. Kwa familia yetu, 248, 251 na 255 zinatoa wastani wa 251, kwa hiyo chakula kinapandishwa hadi 250. Mkitaka kukipunguza, fanyeni hivyo baadaye na kwa kiasi kidogo, kama 10 kwa mwezi, huku mkitaja ni kitu gani hasa kitaachwa. Kukata namba bila kutaja kitu ni kurudisha ndoto ileile.

W inatibiwa kwa kugawa kwa 12. Gari lilikula 240 kwa mwaka. 240 kwa 12 ni 20. Kuanzia sasa kuna fungu la gari la 20 kila mwezi, na pesa hizo zinatengwa hata mwezi ambao gari ni zima. Miezi ya mwanzo fungu litakuwa dogo kuliko tatizo likitokea mapema. Kubalini hilo tangu sasa, ili likitokea asionekane mtu aliyeshindwa.

U inatibiwa kwa fungu au kwa kanuni. Kama kusaidia ndugu ni jambo linalorudi, mke na mume wetu wanalitengea fungu lake la 20, linalotumika kwa ndugu wa pande zote mbili. Likiisha, ombi linalofuata linaletwa kwanza kwa mwenzi.

Sasa wanahitaji 70 zaidi: 30 za chakula, 20 za gari, 20 za ndugu. Zinatoka wapi? Wanaandika hivi:

- Mengineyo inashuka kutoka 40 hadi 20, maana msaada wa ndugu umeondoka humo.
- Usafiri unashuka kutoka 90 hadi 75, kwa sababu wamekubaliana kwenda kazini pamoja siku mbili kwa wiki.
- Pesa za mkononi zinashuka kutoka 30 hadi 25 kwa kila mmoja. Zote mbili, kwa kiasi kilekile.
- Akiba inashuka kutoka 70 hadi 45.

Hizo ni 20, 15, 10 na 25: jumla 70. Bajeti inabaki 1,000.

Kushusha akiba kunauma, na wengi hukataa hapa. Lakini tazama kilichotokea mwezi uliopita: akiba iliyoandikwa ilikuwa 70, iliyowekwa ilikuwa sifuri, na 48 zikachotwa juu yake. Akiba ya 45 inayowekwa kweli inashinda ya 70 inayokaa kwenye daftari. Iwekwe siku ileile ya kikao, kabla hamjainuka.

Usifute kabisa pesa za mkononi ili kuongeza akiba. Hizi ni pesa ambazo mtu hatoi maelezo, na mwenzake haulizi. Zikifutwa, kila soda na kila vocha inakuwa jambo la kikao, na watu huanza kuficha vitu vidogo. Aliyezoea kuficha vidogo huficha vikubwa kwa urahisi.

## Hatua ya 7: Wekeni kiwango cha kuulizana

Kubalianeni kiasi ambacho mtu hatakitumia nje ya bajeti bila kumwambia mwenzake kwanza. Kwa familia ya mapato 1,000, kitu kama 20 kinafaa. Kikiwa kidogo mno, mtakuwa mnaombana ruhusa kama watoto. Kikiwa kikubwa mno hakizuii chochote.

Meseji fupi inatosha: "Ndugu yangu amekwama, anahitaji 35, fungu lina 20. Nifanyeje?" Mwenzake naye ana wajibu wa kujibu siku hiyohiyo. Kanuni inayomfunga anayeuliza peke yake haidumu.

## Hatua ya 8: Fungeni kikao kwa mistari michache

Andikeni kilichobadilika, nani atafanya nini, na tarehe ya kikao kijacho. Kwa mfano: "Chakula 250. Fungu jipya la gari 20, mke atalifungua. Fungu la ndugu 20, mume atalitunza. Akiba 45 imewekwa leo." Wote wawili watie sahihi au herufi za majina yao. Kumbukumbu za watu wawili hutofautiana baada ya wiki tatu, na daftari linaondoa ubishi wa "hukusema hivyo".

Kisha msizungumze pesa tena siku hiyo.

## Mambo yanayowakwamisha wengi

Mapato yanapanda na kushuka. Kwa wenye biashara au vibarua, pangeni kwa kiasi cha mwezi mbaya zaidi kati ya sita iliyopita. Kinachozidi kigawanywe kwenye kikao, kwa uwiano mliokubaliana mapema, mathalani nusu kwa mafungu ya W na nusu kwa akiba. Mkipanga kwa mwezi mzuri, mwezi wa kawaida utaonekana kama uzembe wa mtu.

Mmoja hana kipato. Pesa za mkononi ziwe sawa kwa wote. Kazi ya nyumbani na malezi inaufanya mshahara wa mwingine uwezekane. Zamu ya kuhesabu nayo iwe ya wote. Ukiona asiye na kipato anakubali kila kitu kikaoni, usifurahie. Muulize angebadilisha nini kama uamuzi ungekuwa wake.

Kila pengo ni K. Mmerekebisha viwango, mmegawa gharama za mwaka, na jumla bado inapita mapato mwezi baada ya mwezi. Basi kipato hakitoshi. Hapo kikao kibadilishe swali: ni gharama gani kubwa ya kudumu, kama nyumba au mkopo, inaweza kupunguzwa, au kipato kinaweza kuongezwa wapi. Kubana matumizi madogo hakutaziba pengo hilo, na mkiendelea kulitafuta kwenye mafungu madogo mtaishia kumbana anayeyasimamia.

Kuna deni lililofichwa. Usilitoe kwa mara ya kwanza katikati ya kikao cha bajeti. Mwambie mwenzako siku nyingine, kwa utulivu, ukiwa na kiasi kamili, anayekudai, tarehe za kulipa na riba kama ipo. Usitaje nusu ukitarajia kumalizia baadaye. Nusu ya pili inapojulikana, hata ile ya kwanza inaonekana ulilazimishwa kuisema. Mpe siku kadhaa uliyemwambia. Deni liingie kwenye daftari katika kikao kinachofuata kama fungu la marejesho, bila alama yoyote.

Mmoja anamwogopa mwenzake. Kama mtu ananyang'anywa mshahara wake, anazuiwa kuona akaunti, au anatishwa na kupigwa kwa sababu ya pesa, mwongozo huu haumfai. Utaratibu wote huu unategemea watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema hapana na akabaki salama. Asiye na usalama huo asianzishe kikao. Atafute kwanza mtu anayemwamini, mshauri au huduma ya ustawi wa jamii, na vitambulisho na kumbukumbu zake za pesa avihifadhi mahali ambapo mwenzake havifikii.